Kabla ya kulaumu tumbo la mteja, angalia ulivyoseti VR yako

Jamaa mmoja niliyekua naye ana banda la gemu huku Eastlands. Ni chumba kimoja chenye PS mbili, viti vya plastiki na vijana wanaojaa kila Jumamosi. Mwaka huu alichukua mkopo kwenye chama chao, akanunua kompyuta ya mtumba yenye kadi ya michoro ya GTX 1660 Super, pamoja na hedseti ya VR aina ya Quest 2, nayo ya mtumba. Bei aliyoweka ni soo moja kwa dakika kumi. Wiki ya kwanza foleni ilifika hadi nje ya mlango. Wiki ya pili mteja mmoja alitapika kwenye mkeka, na mwingine, akirusha ngumi ndani ya gemu ya ndondi, akaifikia TV ya inchi 32 iliyokuwa ukutani. TV ikapasuka katikati. Mkopo wa chama bado unadai.

Alinipigia simu usiku huo. "Buda, hawa watu wana matumbo mabovu na hawajui kucheza."

Nilienda kesho yake. Nilipovaa ile hedseti, dakika ya tatu nami nilianza kutoa jasho jembamba kwenye shingo. Na mimi huu ndio mchezo wangu tangu nilipoacha chuo mwaka wa pili. Matumbo ya wateja hayakuwa na shida. Shida ilikuwa mambo matatu aliyoyaseti kwa kufuata video za watu wenye mashine za laki tatu: mpaka wa chumba, kasi ya skrini na ubora wa picha. Yote matatu alikuwa ameyavuta hadi mwisho.

Msimamo wangu ni huu, na nitauelezea polepole. VR ya kompyuta inasetiwa kwa mpangilio: kwanza nafasi, pili kasi, tatu ubora. Wengi wetu tunaanza na la tatu kwa sababu ndilo linalovutia kwenye video. Na kama unatoza mtu pesa, huna ruhusa ya kuanza na la tatu.

Tuanze na nafasi. Quest 2 hukuuliza utumie mpaka wa aina gani. Kuna ule wa kusimama mahali pamoja, unaoitwa "Stationary", ambao hukuwekea duara dogo kukuzunguka. Kuna na ule wa kutembea, "Roomscale", ambao unauchora mwenyewe sakafuni kwa rimoti ya mkononi kama mtu anayechora kwa chaki. Ukikaribia mstari, ukuta wa nyavu hutokea mbele ya macho yako kukuonya. Jamaa yangu alikuwa amechagua wa kutembea, akauchora hadi kwenye ukuta kabisa, sentimita chache kutoka kwa TV. Hesabu yake ilikuwa kwamba nafasi kubwa ndiyo raha kubwa.

Fikiria mkono wa mtu anayerusha ngumi. Ukienda mita tano kwa sekunde, basi nusu mita inaisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Macho yako kuona nyavu, ubongo kuelewa, na misuli kusimama, inachukua takriban robo sekunde. Kwa hivyo wakati unaona onyo, ngumi imeshafika. Mpaka umetengenezwa kumzuia mtu anayetembea kuelekea ukutani. Ngumi inayoruka hauwezi kuizuia. Ndiyo maana mstari haufai kuchorwa ukutani. Chora nusu mita ndani, na upande ulio na kioo, TV au dirisha uongeze kidogo.

Tulichukua tepu tukapima. Baada ya kuondoa meza za PS, sakafu iliyobaki wazi ilikuwa takriban futi nane kwa tisa, yaani mita 2.4 kwa 2.7. Toa nusu mita kila upande, unabaki na mita 1.4 kwa 1.7. Watengenezaji wa Quest wanapendekeza angalau mita mbili kwa mbili kwa mtu wa kutembea. Kwa hivyo jibu lilikuwa wazi, ingawa hakulipenda: chumba hiki hakitoshi gemu ya ndondi. Hakuna seti itakayokiongeza. Kinatosha gemu za kukaa, kama mbio za magari, na zile za kusimama papo hapo ambazo hazikulazimishi kupiga hatua.

Tulibadilisha ukawa mpaka wa kusimama, katikati kabisa ya sakafu. Kisha tukakata kipande cha kapeti, kama sentimita 60 kila upande, tukakibandika chini mahali hapo. Mteja anavua viatu. Mradi nyayo zake zinahisi kapeti, anajua yuko katikati hata kama macho yake yako sayari nyingine. Akihisi simiti, anarudi. Hiki kipande cha kapeti kinafanya kazi kuliko onyo lolote, kwa sababu hakimngojei aangalie.

Kabla ya kuondoka kwenye nafasi, kuna mambo madogo yanayosumbua. Hedseti itakuuliza kimo cha sakafu. Gusisha rimoti chini uhakikishe mstari umelala sakafuni kweli, la sivyo mchezaji atajiona mfupi au anaelea, na ubongo hauipendi hiyo kabisa. Mpaka haujui dari iko wapi, kwa hivyo ile balbu inayoning'inia kwa waya iondoe njiani. Na ukishachora, usitegemee hedseti ikuonye kwamba mtu amesogeza kiti ndani ya mstari. Hiyo ni kazi yako wewe uliyesimama kando.

Halafu kuna mwanga. Quest 2 inajijua iko wapi kwa kamera zake nne zinazoangalia chumba. Chumba kikiwa giza, mikono ndani ya gemu huanza kuruka ruka. Mwanga wa balbu ukimetameta pia unaichanganya, na stima ya Kenya ni ya 50 Hz, kwa hivyo kwenye mipangilio ya hedseti tafuta "Tracking Frequency" uiweke 50 Hz ikiwa mikono inatetemeka chini ya taa. Lakini usifungue mlango jua lipige ndani ya lenzi. Lenzi hizo hukusanya jua kama kile kioo cha kukuza tulichochomea karatasi tukiwa watoto, na skrini iliyo nyuma yake huungua doa lisilotoka. Ukinunua mtumba, hilo doa ndilo jambo la kwanza la kuangalia.

Sasa kasi. Hapa ndipo tumbo la mteja lilipopotelea.

Quest 2 ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB 3, inakupa chaguo la 72, 80, 90 au 120 Hz. Utazipata kwenye programu ya Meta ya kompyuta, upande wa "Devices", ubonyeze hedseti yako, kisha "Graphics Preferences". Hz ni mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde moja. Jamaa yangu aliona 120 akaona ndiyo kubwa, akaichagua.

Ichukulie skrini kama matatu ya sacco inayofuata saa kikamilifu. Inaondoka stejini kila baada ya muda fulani, iwe imejaza abiria au la. Abiria ni picha mpya kutoka kwa kadi yako ya michoro. Akichelewa hata kidogo, gari limeenda. Muda kati ya gari na gari unaupata kwa kugawa 1000 kwa Hz, na jibu ni milisekunde. Kwa 72 Hz ni 13.9. Kwa 80 Hz ni 12.5. Kwa 90 Hz ni 11.1. Kwa 120 Hz ni 8.3 pekee. Kwa hivyo unapopandisha Hz, kadi yako haipati nguvu mpya. Unachofanya ni kuipunguzia muda wa kumaliza kazi ile ile.

Picha ikichelewa kwenye gemu ya kawaida ya TV, unaona imekwama kidogo unaendelea. Kwenye VR, umegeuza shingo na sikio lako la ndani limehisi umegeuka, lakini macho yanaona dunia imebaki nyuma. Hapo ndipo kichefuchefu kinapozaliwa. Ili kukuokoa, programu ya Meta ina ujanja unaoitwa "Asynchronous Spacewarp". Ikiona kadi imeshindwa, inaiambia ichore nusu tu ya picha, halafu yenyewe inabuni zile za katikati kwa kukisia vitu vinaelekea wapi. Kwa 120 Hz, maana yake picha halisi ni 60 na 60 nyingine ni za kukisia. Kama nambari imeandikwa 120 lakini nusu ni za kukisia, umejidanganya.

Utajuaje bila mashine yoyote ya kupima? Sogeza mkono wako haraka mbele ya kitu chenye mistari, kama uzio au usukani. Ukiona kingo za vitu zinayumba kama lami ya Mombasa Road saa saba mchana, hizo ni picha za kukisia. Nilifanya hivyo kwenye gemu yake ya magari nikaona usukani mzima unayeyuka.

Kwa nini kadi ilishindwa? Kwa sababu ya jambo la tatu, supasampuli. Kwa maneno ya mtaani, ni kuiambia kadi ichore picha kubwa kuliko skrini inavyohitaji, halafu ibanwe iingie. Picha iliyobanwa hivyo huwa laini: kingo hazina meno, na maandishi ya mbali yanasomeka. Kwenye SteamVR inaitwa "Render Resolution", na ukiiweka "Custom" unapata kitelezi cha asilimia. Yeye alikuwa amekiweka 150%.

Watu hawaielewi ile asilimia. Inahesabu pikseli zote, upana ukizidishwa kwa urefu. 150% ni pikseli mara moja na nusu, ingawa kila upande umeongezeka kwa kama 22% tu. Ndiyo maana kazi inaongezeka sana na macho yanaona tofauti ndogo. Tena ile 100% tayari ni kubwa kuliko skrini, kwa sababu lenzi hupinda picha na lazima kuwe na akiba ya kuinyoosha.

Kuna mtego mwingine. Programu ya Meta ina kitelezi chake cha "Render Resolution", na SteamVR ina chake, na ndani ya SteamVR kila gemu inaweza kuwa na chake. Hivi havishindani, vinazidishana. Ukiongeza kidogo huku na kidogo kule, umejipakia mzigo usiojua umetoka wapi. Acha cha Meta kwenye 1.0, cha gemu kwenye 100%, kisha gusa kimoja tu, kile cha SteamVR cha jumla.

Basi tulianza upya, tukipima badala ya kukisia. Programu ya Meta inakuja na kifaa cha kupimia ambacho wengi hawajawahi kukifungua. Mara nyingi kiko hapa:

```
C:\Program Files\Oculus\Support\oculus-diagnostics\OculusDebugTool.exe
```

Ukikifungua, kwenye "Visible HUD" chagua "Performance", kisha vaa hedseti. Utaona ndani ya gemu kiasi cha nguvu kilichobaki, kwa asilimia. Pima mahali pazito. Kwenye mbio za magari, hapo ni mwanzoni, magari yote yakiwa mbele yako. Ukipima ukiwa peke yako barabarani utapata nambari ya kukufurahisha bure.

Tuliweka 72 Hz na 100%. Nguvu iliyobaki ilikuwa karibu 30%. Yaani kadi ilitumia 70% ya milisekunde 13.9, ambayo ni kama 9.7. Hiyo 9.7 ndiyo nambari ya kushika, kwa sababu sasa unaweza kufanya hesabu zote nyuma ya kitabu.

Kwa 120 Hz, una milisekunde 8.3 na kazi inataka 9.7. Haiwezekani, hata bila kuongeza ubora wowote. Kwa 90 Hz, una 11.1, kwa hivyo inatosha na kubaki 13%. Inaonekana poa, lakini kumbuka kompyuta hiyo hiyo lazima pia ifungashe kila picha kuipitisha kwenye waya, na gemu huwa na dakika nzito kuliko ulizopima. Mimi hupenda kubakisha angalau 15%. Kwa 80 Hz, una 12.5 na unabaki na 22%. Hapo kuna nafasi ya kuongeza ubora kidogo. Ukipandisha pikseli kuwa 110%, kazi inakuwa takriban 10.7, na unabaki na karibu 15%. Na ile 150% aliyokuwa nayo? Kama milisekunde 14.6. Hiyo ingeshindwa hata kwa 72 Hz. Alichokuwa akiwauzia wateja ni picha 60 halisi na kichefuchefu cha bure.

Tukaacha 80 Hz na 110%. Nikafanya ule mtihani wa mkono kwenye usukani. Kingo zilitulia.

Hesabu hii ina mipaka, nawe uijue. Inashika pale ambapo kadi ya michoro ndiyo inayochelewesha kazi. Ukitaka kuhakikisha, shusha kitelezi hadi 70% uone. Kama nguvu iliyobaki imepanda, kadi ndiyo ilikuwa inalemewa. Kama haikusonga, shida ni prosesa, na hakuna kiasi cha kupunguza pikseli kitakachokusaidia. Punguza idadi ya magari kwenye mbio, au rudi 72 Hz. Na kama picha inakatika vipande vipande huku kifaa kinasema nguvu imebaki tele, angalia waya. Kwenye programu ya Meta kuna jaribio la USB. Likikuonyesha kasi ya USB 2, badilisha tundu au waya kabla hujagusa kitu kingine.

Jambo la mwisho kuhusu ubora, kwa sababu ndilo lililomfanya jamaa yangu apandishe hadi 150%. Aliniambia picha ilikuwa na ukungu. Nikamuuliza kama amewahi kusogeza lenzi. Hakujua zinasogea. Quest 2 ina nafasi tatu za lenzi, za milimita 58, 63 na 68, kulingana na umbali kati ya mboni za macho yako. Unazishika kwa mkono unazisukuma. Yake ilikuwa imekaa kwenye 58 tangu inunuliwe, na kila mteja aliivaa hivyo hivyo. Aliposogeza hadi 63, ukungu ukapungua bila kugharimu milisekunde hata moja. Supasampuli hainyooshi lenzi iliyokaa vibaya, wala haifuti mafuta ya uso wa mteja aliyetangulia. Panguza kwa kitambaa kikavu na laini, sogeza lenzi, halafu ndiyo uongee kuhusu pikseli.

Sitakudanganya kwamba hakuna anayeumwa tena pale. Kuna watu ambao gari likikata kona na mwili umekaa kitini, tumbo linakataa hata kama hakuna picha iliyochelewa. Hao hawatibiwi na Hz. Sasa mteja mgeni anaanza na gemu ya kusimama, dakika tano, na akianza jasho baridi au kupiga miayo anavua. Akivua mapema anarudishiwa nusu ya pesa. Jamaa yangu aliona hiyo ni hasara. Mimi naona mtu aliyerudishiwa fifti bob anaweza kurudi wiki ijayo, lakini aliyetapika mbele ya marafiki zake hatarudi na atawaambia wenzake.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la haki, si la ufundi pekee. Mteja wa VR amefunikwa macho. Haoni TV iko wapi, hajui mpaka umechorwa wapi, hawezi kujua kama picha anayopewa ni halisi au ya kukisia. Amekuamini kwa soo moja. Ukiweka 120 ili uandike 120 kwenye bango, huku unajua mashine yako haifiki, hujampa kitu cha kisasa. Umemuuzia ugonjwa kisha ukamlaumu yeye.

Nawe unayelipa, kabla ya kuivaa uliza mambo matatu. Ukuta uko umbali gani kutoka mkono wangu ukinyooka? Inaenda Hz ngapi, na imepimwa kwa gemu hii? Na lenzi zinasogezwaje? Mwenye banda akikuangalia kama unaongea Kichina, kaa na soo yako, cheza PS.